Jumapili ya Kwaresima: mfungo unaendelea au unapumzika?

Kijana wa Pasua:
Shikamooni wakubwa. Tangu Jumatano ya Majivu, Februari 18, nimeacha pombe na nyama mpaka Pasaka. Jana, Machi 1, tulipotoka misa wenzangu wakaagiza mbege na kitimoto, wakanisukumia kata. Nikasema nimefunga. Wakacheka: "Jumapili haihesabiwi, hujui hata dini yako." Nani ana haki hapa?

Dereva wa Kiboriloni:
Wenzako wana haki, mangi. Chukua kalenda. Kuanzia Februari 18 hadi Jumamosi Kuu, Aprili 4, ni siku 46. Toa Jumapili sita, zinabaki 40 kamili. Maana yake Jumapili si Kwaresima, ni siku ya ufufuko, kula unywe. Mimi hujinyima wiki nzima na Jumapili najipongeza. Tena kwa kuwa misa ya Jumamosi jioni ni misa ya Jumapili, mimi naanza Jumamosi saa kumi na mbili.

Katekista mstaafu, Kibosho:
Dereva, hesabu yako ni safi, ila umeiendesha mpaka ikapita kituo. Kama Jumapili si Kwaresima, jana padri alivaa zambarau kwa nini? Aleluya ilikwenda wapi, na Utukufu kwa Mungu Juu? Siku yenyewe inaitwa Dominika ya Pili ya Kwaresima, na Injili ilikuwa ya Yesu kugeuka sura mlimani. Kinachopumzika Dominika ni mfungo. Kwaresima yenyewe haipumziki.

Nawapa kidogo ilikotoka hiyo 46 toa 6, maana watu huisema kama vile iliteremka pamoja na mbao za Musa. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, unazitaja siku arobaini kabla ya Pasaka katika kanuni yake ya 5, kama kitu ambacho watu wanakijua tayari. Lakini Roma ya zamani ilianza kuhesabu Dominika ya kwanza, si Jumatano. Jaribuni mwaka huu: anza Februari 22, hesabu kila siku bila kuruka Dominika. Siku ya 40 inaangukia Aprili 2, Alhamisi Kuu. Arobaini imetimia bila kutoa chochote.

Tatizo likaja hapa: Dominika hawakufunga. Wiki sita mara siku sita ni siku 36 tu za kufunga. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, aliipenda hiyo 36, akasema ni kama zaka ya mwaka, fungu la kumi la siku 365. Baada yake watu wakataka arobaini kamili za kufunga kama Bwana jangwani, wakaongeza siku nne mwanzoni: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ndiyo maana leo tunapakwa majivu Jumatano. Kule Milano wana taratibu yao ya kale, na mpaka leo Kwaresima yao inaanza Dominika.

Msabato wa Njiro:
Mnahangaika na Jumapili wakati amri ya nne inataja siku ya saba. Mjadala wote huu ungekwisha mkirudi kwenye Sabato.

Mlutheri wa Machame:
Ndugu wa Njiro, kijana ameuliza habari ya kata ya mbege. Hiyo ya Sabato ifungulie kikao chake, tutakuja.

Kijana wa Pasua:
Asante mzee katekista. Ila bado sijaelewa. Yesu alikaa jangwani siku arobaini, na sidhani kama Jumapili shetani alimpa mapumziko. Musa vilevile Sinai, Elia vilevile akienda Horebu. Sasa mimi nikiunganisha moja kwa moja, nimekosea wapi?

Katekista mstaafu, Kibosho:
Hujakosea, mwanangu, lakini nikuambie jambo litakalokushangaza. Wazee wa kanisa la kale wangekukemea wewe kabla ya wenzako. Tertuliano wa Karthago, miaka ya 200 hivi, aliandika kwamba kufunga siku ya Bwana, au kupiga magoti siku hiyo, si halali. Nisea nayo, kanuni ya 20, inataka watu wasali Dominika wamesimama. Kwao kufunga kulikuwa na sura ya msiba, na huwezi kukaa msibani siku aliyofufuka.

Ila hao walikuwa wanazungumzia mfungo wa chakula, ule wa kushinda njaa hadi jioni. Wewe hushindi njaa, umeacha pombe na nyama kwa hiari yako. Sheria ya Kanisa zima ya leo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kufunga, yaani mlo mmoja kamili na viwili vidogo, ni siku mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59. Kuacha nyama ni siku hizo hizo pamoja na Ijumaa, kuanzia miaka 14. Basi. Bia haimo. Kwa hiyo anayekuambia "Jumapili sheria inaruhusu" anakufungulia mlango ambao haukuwa na kufuli.

Dereva wa Kiboriloni:
Na Jumamosi jioni yangu je?

Katekista mstaafu, Kibosho:
Katika liturujia uko sawa, Dominika inaanza kwa sala ya jioni ya Jumamosi. Katika sheria ya Kanisa siku ni saa 24 kuanzia usiku wa manane, kanuni ya 202. Wewe umechukua jioni ya liturujia ukaiunga na usiku wa sheria. Siku yako ina saa 30!

Mama Ulezi, Uru:
Mimi ndiye ninayepika hiyo mbege mnayogombania, acheni niseme. Kwaresima wateja hawapotei, wanahama tu siku. Jumatano hadi Ijumaa kibanda kimya, naweza kulala. Jumapili wakitoka kanisani wanakuja kwa pamoja kama nzige, na anayekunywa kata mbili siku zote, siku hiyo anakunywa tano.

Mbege haikai. Ndizi zilizoiva nachemsha, naacha zichachuke karibu wiki, nachuja. Ulezi nauotesha, nausaga, napika uji wake na kuchanganya ukishapoa, na maganda ya msesewe kwa ule uchungu. Ukishaunganisha ulezi, kesho yake inanyweka, na siku mbili tatu mbele imeshakuwa kali, naimwaga. Kwa hiyo Kwaresima naunganisha Jumamosi tu. Nilikuwa nakuja kuuliza kama na mimi natenda dhambi, lakini nikisoma hapa naona katekista ana majibu ya watu wote isipokuwa wapishi.

Katekista mstaafu, Kibosho:
Mama, mbege ni kinywaji cha watu na kazi yako ni kazi. Kata tano ni za mnywaji.

Mama Ulezi, Uru:
Na wewe mzee huwa ni tatu. Nimehesabu.

Fundi bomba, Majengo:
Mimi siwezi kubishana na Nisea. Nina mambo yangu tu. Mwaka jana Majivu ilikuwa Machi 5 na Pasaka Aprili 20. Nikaacha bia kwa masharti ya Dereva, Jumapili ruhusa. Jumapili ya kwanza, Machi 9, chupa mbili, nikalala vizuri. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikaanza Jumamosi jioni, kwa hoja ileile ya misa ya jioni, na wala sikuwa nimekwenda hiyo misa. Ya nne nikajikuta Ijumaa nahesabu saa. Ya tano nikaendelea hadi Jumatatu asubuhi kutoa uchovu, nikakosa kazi ya watu. Siku ya Matawi, Aprili 13, mke wangu akaniambia: "Ungekunywa chupa moja kila siku tungekuwa na hela zaidi." Alikuwa amepiga hesabu kwenye daftari la duka.

Mwaka huu nimefunga bila Jumapili. Sisemi ni sheria. Kwa mtu kama mimi Jumapili ilikuwa kamba ya kunivuta wiki nzima.

Mlutheri wa Machame:
Fundi ameniwahi. Sisi nasi tuna Kwaresima, watu hudhani ni ya Wakatoliki peke yao. Katika Katekisimu Ndogo, Luther anasema kufunga na kuuandaa mwili ni zoezi zuri la nje, lakini anayestahili kweli ni mwenye imani. Kwa hiyo kwetu swali si kama Jumapili inaruhusiwa. Ulipoahidi, uliahidi nini? Kijana kasema "hadi Pasaka". Hakusema "isipokuwa Jumapili". Angeamua tangu mwanzo kupumzika Jumapili, ningemshangilia akiinua kata. Kubadilisha masharti mezani kwa sababu wenzio wamecheka, hapo ndipo ninapogoma.

Na kingine, samahani kama nauma. Kijana, hela ya bia iko wapi? Nimeona watu wanaacha bia wanahamia soda na chipsi, mwisho wa mwezi mfuko uleule. Isaya 58 inasema mfungo ni kumgawia mwenye njaa chakula chako.

Kijana wa Pasua:
Hela nilikuwa sijaifikiria, nakiri. Ilikuwa kama elfu kumi kwa wiki. Imeingia kwenye bando.

Muorthodoksi wa Arusha:
Nimesoma nikicheka kidogo. Kwetu Jumapili inahesabiwa. Mwaka huu tulianza Jumatatu, Februari 23, na siku ya 40 ni Ijumaa, Aprili 3. Juma Kuu linafuata kama mfungo wake, Pasaka yetu ni Aprili 12. Nyama, maziwa na mayai hakuna hata Jumapili. Lakini Jumapili kuna divai na mafuta, na kwa mtu aliyekula dengu kavu wiki nzima, kijiko cha mafuta ni sherehe. Yaani katekista naye ana haki: Jumapili hatufungi kwa njaa. Tunalegeza bila kufungua.

Dereva wa Kiboriloni:
Hiyo ya kulegeza nimeipenda. Kata moja badala ya tano.

Fundi bomba, Majengo:
Ndivyo nilivyoanza Machi 9.

Mlutheri wa Machame:
Kwa Fundi hapana, kwa Dereva labda. Mimi hapo siwezi kumpangia mtu.

Katekista mstaafu, Kibosho:
Mimi bado nasema Dominika iwe na furaha inayoonekana mezani. Kijana, kama pombe umeiacha yote, pika hata mtori mzuri, alika jirani. Usikae na sura ya Ijumaa Kuu siku ya Bwana.

Kijana wa Pasua:
Mtori una nyama, mzee.

Katekista mstaafu, Kibosho:
Basi ndizi za maharage.

Mama Ulezi, Uru:
Mmemaliza? Pasaka ni Aprili 5. Ndizi nichemshe Machi 28, siku moja kabla ya Matawi, ulezi niunganishe Jumamosi Kuu, Aprili 4. Ila nikikoroga jioni ile, Vijilia naikosa. Nani ana mkwe wa kunikorogea?