Wanaosambaza linki za "tokeni za bure" kwenye magrupu yetu Kampala wanatuibia wadogo zetu

Binti_Bombo

Kila grupu la WhatsApp nililomo, la mtaa, la harusi, hata la mafundi, lazima kuna mtu anabandika linki: bonyeza, alika watu, maliza kazi, utalipwa. Nimechoka. Mdogo wangu ni fundi simu hapa Kampala, na amepoteza 212 USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, akiba yake ya kununua mashine ya kubandulia skrini. Nimekaa naye tukafuatilia hatua kwa hatua, na ninataka kila mtu ajue ilivyokuwa.

Kwanza hizi programu za "kuchimba" kwa simu. Simu haichimbi kitu. Tangu 2018 Google imekataza kwenye Play Store programu zinazochimba sarafu ndani ya simu yenyewe. Ndiyo maana ukibonyeza kitufe cha kuchimba, simu haipati joto na betri haiishi haraka. Ile namba inayopanda imeandikwa kwenye kompyuta ya mwenye programu, na ni yeye anayeamua kama siku moja itakuwa pesa. Wewe unamtazamia matangazo, yeye analipwa.

Hata zinazolipa kweli, gawio linamalizwa na wingi wa watu. Hamster Kombat iligawa tokeni zake tarehe 26 Septemba 2024 kwa akaunti zaidi ya milioni 100, bei ikiwa kama senti moja ya dola, na wengi waliambulia dola chache kwa miezi ya kugonga skrini. Mdogo wangu alikuwa kwenye mchezo mwingine, sitautaja. Alinunua data ya shilingi 1,000 kila siku, yaani 30,000 kwa mwezi, na hajalipwa hata senti.

Hiyo ni hasara ya data. Wizi ulianza pale mtu alipotangaza kwenye grupu kwamba siku ya kugawiwa imefika. Ukurasa ulikuwa na rangi na nembo zilezile za mchezo. Akabonyeza Connect Wallet, akaambiwa ana tokeni 1,840. Akabonyeza Claim. Pochi yake ikafungua dirisha limeandikwa Approve, jina USDT, na namba ndefu inayoanza na 1157920892. Akadhani ni hesabu ya zawadi, akakubali, akalipa gesi, yaani ada ya muamala, ya senti chache kwa BNB, sarafu ya mtandao huo. Haikupita dakika moja, USDT zote zikaondoka.

Maneno yake 12 ya siri yanayofungua pochi hakumpa mtu yeyote! Wajuaji wa grupu wakamwambia abadilishe nywila, afute programu ya pochi aipakue upya. Akafanya yote. Mteja akamtumia 60 USDT, nazo zikaondoka papo hapo. Nani anaweza kunieleza hili? Na nyinyi mnaobandika linki ili mpate pointi za kualika, mnalala vipi?

Baba_Sharifa

Pole sana dada. Ila ukweli ni mmoja: bila maneno 12 hakuna anayeweza kugusa pochi. Huyo kijana aliyaandika mahali, pengine aliyapiga picha. Mtu akificha maneno yake yuko salama.

Mkaguzi_wa_Mnyororo

Baba Sharifa, kuficha maneno 12 ni lazima, hapo uko sawa, lakini wizi huu hauyahitaji. Dada Binti, niambie jambo moja: BNB yake ilibaki?

Binti_Bombo

Ilibaki, kama dola tano hivi. Hata sisi tulishangaa.

Mkaguzi_wa_Mnyororo

Basi nina uhakika karibu wote kwamba maneno hayajavuja. Mwenye maneno 12 angefagia kila kitu, na BNB pia. Mwenye idhini ya USDT anaweza kugusa USDT tu.

Mambo yalikwenda hivi. Mkataba wa USDT, yaani programu inayoiendesha sarafu hiyo, una agizo linaloitwa hivi:

```
approve(spender, amount)
```

Maana yake: "namruhusu fulani achukue kwangu hadi kiasi hiki." Masoko halali ya kubadilishana tokeni hulitumia kila siku. Mwizi aliweka anwani yake kwenye nafasi ya kwanza, na kwenye ya pili akaweka namba kubwa kuliko zote ambazo mkataba unaweza kubeba. Ndiyo hiyo inayoanza na 1157920892. Kwa hiyo ruhusa haina kikomo cha kiasi, na haina tarehe ya mwisho.

Hapo ndipo zile 60 zilipokwenda. Ruhusa haikai kwenye simu, inakaa kwenye mnyororo, lile daftari la mtandaoni la miamala yote, imefungwa kwenye anwani yake. Ukifuta programu, ukibadilisha nywila, hata ukibonyeza Disconnect, ruhusa ipo palepale. Boti la mwizi linaitazama anwani, na pesa ikiingia linaichukua.

Fungueni BscScan, tovuti inayoonyesha miamala ya mnyororo wa BNB, mweke anwani yake. Mtaona muamala wa Approve ametuma yeye. Kisha kwenye orodha ya tokeni mtaona USDT zikitoka kwake. Fungueni muamala huo mtazame mstari wa From: kama pale juu kuna anwani ngeni, basi ilikuwa idhini. Kama ni anwani yake mwenyewe na hakutuma, hapo ndipo mjue maneno yamevuja.

Dereva_Malaba

Mimi nina Pi, sarafu ya kuchimba kwa simu, tangu 2020, mtandao ulifunguliwa Februari 2025 lakini zangu bado hazijahamishwa. Hiyo BscScan itanionyesha zimekwama wapi?

Mkaguzi_wa_Mnyororo

Hapana kaka, Pi ina mnyororo wake, huko hutaziona. Na tafadhali, mtu akikuandikia kwamba atakusaidia kuzihamisha, usimpe maneno yako ya siri.

Nakawa_Jua

Tusiwachafue wote. Mimi mchezo wa Notcoin ulinilipa Mei 2024, nikalipa kodi ya chumba. Dada ana uchungu, lakini si kila linki ni wizi.

Binti_Bombo

Kaka, sikatai ulilipwa. Lakini nyinyi wachache mliolipwa ndio mnaofanya kijana aamini linki inayofuata. Mwizi anaijua hadithi yako na anaitumia.

Tumeangalia BscScan. From ni anwani ngeni, mara zote mbili.

Mkaguzi_wa_Mnyororo

Basi aingie revoke.cash, aiandike anwani hiyo kwa mkono, asifuate linki ya mtu. Achague mnyororo wa BNB, atafute USDT, abonyeze Revoke. Kinachofanyika ni approve ileile, kiasi kikiwa sifuri, na gesi atalipa kwa ile BNB iliyobaki. Zilizokwenda hazirudi. Na atakayemwandikia pembeni kwamba anaweza kuzirudisha kwa ada kidogo ni mwizi wa pili.

Baba_Sharifa

Nimejifunza. Lakini mimi ningehamia pochi mpya kabisa, nisiamini ile ya zamani.

Mkaguzi_wa_Mnyororo

Kuna wanaosema hivyo, wengine wanasema kufuta idhini kunatosha. Mimi kwa tokeni kama USDC ningehama, maana zipo saini zinazotoa ruhusa bila gesi, na saini ambayo mwizi bado hajaitumia huioni kwenye BscScan.

Binti_Bombo

Tumefuta idhini, na pesa mpya ataweka kwenye pochi nyingine. Kampuni ya pesa za simu ilituambia haihusiki, na tangu Aprili 2022 Benki Kuu imezikataza kampuni hizo kubadilisha kripto, kwa hiyo huko hakuna mlango. Tunakwenda polisi na anwani ya mwizi na namba za miamala tukiwa tumezichapisha.

Aliyebandika linki bado yuko kwenye grupu, na admini anakataa kuifuta, anasema tusubiri tuone kama wengine watalipwa. Kama kuna mtu humu aliyewahi kufungua kesi ya namna hii Kampala, aniambie alianzia ofisi gani.