Siku 100 bila kukosa: ni nidhamu au tunavunjana miguu?

Kobe wa Tabata: Wakuu, kundi letu la mbio za asubuhi limeanzisha siku 100 za kukimbia kila siku bila kukosa hata moja. Ukikosa, faini 10,000. Mimi niko siku ya 74 na ugoko wa kulia unauma tangu wiki iliyopita. Mwenyekiti anasema ni mwili unazoea. Je, mtu akimbie kila siku kweli, au faini hii inatutia ukilema?

Mnyalu Original: Wanaume wa Dar bana! Siku 74 tu mguu umekwisha. Huku kwetu mtoto anakimbilia shule kila siku, mlima kwenda na mlima kurudi, na sijasikia akiomba siku ya kupumzisha ugoko.

Bint Saadani: Mimi nipo siku ya 412, na mimi ni mwanamke wa Dar, kwa hiyo Mnyalu punguza mdomo. Kobe, kinachonisaidia si nguvu. Zamani kila alfajiri nilikuwa na kesi kichwani: leo niende nisiende, jana nilienda, mvua imetanda, kesho nitafidia. Kesi ile nilikuwa naishindwa mara nne kwa wiki. Nilipoamua kila siku, ikafutwa. Nikiamka navaa raba. Halafu ukishafika siku ya 200 unaionea uchungu ile hesabu kama mtu anavyoonea uchungu hela ya kibubu.

Mzee wa Raundi: Hapo kwenye kibubu ndipo pana shimo, dada. Mwenye siku 5 akiumia anapumzika. Mwenye siku 300 akiumia anameza dawa ya maumivu na kutoka.

Bint Saadani: Mimi simezi dawa. Usinisemee.

Chuma Hakili Kutu: Wakenya wanakimbia kila siku mara mbili, ndiyo maana wanatupiga kila mashindano. Na kuna yule Mwingereza alikimbia miaka hamsini bila kukosa. Mbona hakuvunjika? Sisi tunapenda visingizio.

Fundi Viungo: Mwingereza huyo ni Ron Hill, bingwa wa Boston 1970. Alianza Desemba 1964 akaachia Januari 2017, miaka 52 na siku kadhaa. Lakini sheria yake ilikuwa maili moja kwa siku, yaani kilomita 1.6. Na usiseme hakuumia. Mwaka 1993 alifanyiwa upasuaji wa mguu, akaikamilisha hiyo maili kwa magongo, plasta mguuni. Kilichomsimamisha mwisho ni maumivu ya moyo, akiwa na miaka 78. Kuhusu Wakenya, nenda Iten siku ya Jumapili uone wangapi wako barabarani na wangapi wako kanisani. Kipchoge naye akimaliza marathoni hukaa wiki kadhaa bila mazoezi ya maana.

Mnyalu Original: Kwa hiyo mtu anatembelea magongo na inahesabiwa kukimbia? Basi na mimi nakimbia tangu 1990.

Chuma Hakili Kutu: Ikihesabiwa ya magongo, basi yule jamaa wa kundi letu aliyezunguka varanda ya nyumba ya wageni kule Dodoma saa tano na nusu usiku arudishiwe faini yake.

Mwenyekiti Mstaafu: Hairudi. Alitembea. Saa yake ilionyesha dakika 14 kwa kilomita. Hiyo ni kwenda msibani.

Kitambi Free: Samahani wadau, mimi nimekimbia miezi mitatu na tumbo halijapungua. Ni kwa sababu ya kupumzika Jumapili?

Mzee wa Raundi: Ni kwa sababu ya chapati za Jumapili.

Fundi Viungo: Turudi kwa Kobe kabla hatujafika Dodoma wote. Kobe, nijibu matatu. Unauma sehemu gani hasa? Uchungu unakuja lini? Na kabla ya kuanza kuuma ulibadilisha nini?

Kobe wa Tabata: Upande wa ndani, chini kidogo ya nusu ya ugoko. Mwanzoni uliuma nikianza, ukipata moto unapotea. Juzi haukupotea. Jana nimeusikia nikishuka ngazi, na usiku kitandani pia. Nilichobadilisha: siku 60 za kwanza nilikuwa natoka kilomita 3, baada ya hapo tukakubaliana kupanda hadi 6, na Jumamosi 10.

Fundi Viungo: Bonyeza pole pole kwa kidole kimoja juu ya mfupa. Eneo linalouma likiwa refu kama kiganja, mara nyingi ni ile hali ya kawaida ya wakimbiaji, utando wa mfupa na misuli inayovuta pale. Likiwa ni nukta moja unayoweza kuifunika kwa kidole gumba, na unauma hata umelala, mimi naanza kuhofia ufa wa uchovu ndani ya mfupa. Usijaribu kurukaruka kwa mguu huo kujipima.

Kobe wa Tabata: Ni nukta.

Fundi Viungo: Basi simama leo. Mfupa ukipigwa sana, mwili hutuma mafundi wa aina mbili. Wa kwanza wanachimba sehemu iliyochoka, kazi ya wiki kama tatu. Wa pili wanajaza, na hao huchukua miezi. Katikati hapo mfupa una mashimo kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi. Ndiyo maana mtu anaongeza kilomita, anajisikia yuko vizuri kabisa, pumzi ipo, halafu wiki kadhaa baadaye ugoko unalalamika. Kosa lako kubwa naliona kwenye kuruka toka 3 hadi 6 huku huna siku hata moja ya kuwapisha mafundi. Dada wa siku 412, wewe unatoka kilomita ngapi?

Bint Saadani: 2, pole pole. Jumamosi 7.

Fundi Viungo: Umeona? Siku zako nyingi ni za kupumzika zilizovaa raba.

Bint Saadani: Nimekubali nusu. Mkimbiaji mwenzangu mmoja alikuwa anatoka 2 hizo hizo na akapata ufa. Yeye alikuwa anakula mlo mmoja ili apungue, na siku zake za mwezi zilikuwa zimekata tangu miezi minne. Hakuna aliyemuuliza, wote tulikuwa tunahesabu siku tu.

Fundi Viungo: Hiyo ni dalili kubwa kuliko ugoko wenyewe. Asante kwa kuileta.

Mwenyekiti Mstaafu: Mnataka kuua kundi sasa. Faini ndiyo inawaamsha watu. Tulipokuwa bila faini tulikuwa watu 5, leo tuko 31.

Mzee wa Raundi: Weka faini kwa wiki basi. Siku 5 kati ya 7, atakayepungukiwa alipe.

Mwenyekiti Mstaafu: Hapo kila mtu ataahirisha hadi Jumatano. Tulishajaribu.

Mnyalu Original: Wanaume wa Dar na vikao.

Kobe wa Tabata: Nimerudi, wakuu. Nimepiga eksirei jioni hii, mfupa hauonyeshi kitu. Kesho naendelea.

Fundi Viungo: Kobe! Ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za kwanza. Unaonekana kwenye MRI. Kama bei ni mzigo, chukulia kuwa upo: wiki 6 hadi 8 bila kukimbia, uanze kurudi pale tu utakapotembea siku nzima bila uchungu na ile nukta ikibonyezwa isiume. Baiskeli na kuogelea ruksa kama haviumi.

Kobe wa Tabata: Zimebaki siku 26 tu, mkuu.

Bint Saadani: Kobe, lala. Nakulipia mimi hiyo 10,000.

Mwenyekiti Mstaafu: Ni 10,000 kwa kila siku anayokosa.

Bint Saadani: Nimeifuta kauli.