Naomba ushauri: barua ya bima na cheti cha kifo kilichochelewa

Habari zenu wapendwa. Mume wangu alifariki nyumbani kwetu Siaya, si hospitalini, kwa hivyo naibu wa chifu ndiye aliyejaza fomu D2 na kutupa kibali cha mazishi. Tatizo ni kwamba jina la kati liliandikwa tofauti na lile la kitambulisho na la bima. Cheti cha kifo sasa kinangoja marekebisho kwa msajili, na mimi ndiye mnufaika. Karo ya watoto hainisubiri.

Nimeanza barua hivi:

“Naarifu kifo cha mume wangu, mwenye bima nambari iliyo hapo juu, na kudai malipo ya kifo. Cheti kimechelewa kwa sababu jina linasahihishwa. Naambatisha nakala ya kibali cha mazishi, barua ya naibu wa chifu na stakabadhi ya msajili. Cheti nitaleta kikitoka. Tafadhali pokeeni dai langu kuanzia tarehe ya barua hii.”

Mliowahi kudai, niipeleke sasa nigongewe muhuri kwenye nakala yangu, ama ningoje cheti? Na je, kiapo cha wakili kuhusu majina hayo mawili kitasaidia?