Tupeane uzoefu: waleti gani hustahimili mfuko wa Nairobi?

Mpita_Ngara
Wadau, nimefungua waleti kulipa chai, kitambulisho kikateleza kikatua kwenye karai la mandazi. Kona ya kishimo cha kadi imeachia uzi. Nje bado inang'aa kama mpya. Sasa natafuta ya kazi ngumu: mfuko wa nyuma wa jinzi, matatu asubuhi na jioni, kadi kama nane hivi. Nyinyi mnabeba gani, na imekufia wapi?

Kijana_Pipeline
Kadi nane za nini, buda? Mimi ni simu na kitambulisho tu.

MamaB_Umoja
Yangu ilianza kubanduka magamba ndani ya miezi. Mweusi ule ukibaki kwenye vidole kila nikitoa nauli. Na ilikuwa imepigwa mhuri wa ngozi halisi!

Profesa_wa_Kiberiti
Mhuri ni wino tu, mama. Dawa ni kiberiti. Ngozi haishiki moto, plastiki inawaka. Mimi sinunui bila kuchoma kidogo.

Fundi_Kariokor
Profesa, ukichoma ya mwenye duka utailipa. Halafu kipimo chako ni nusu tu. Ni kweli ngozi hunuka nywele zilizoungua, na plastiki huyeyuka na kutona. Lakini aliyokuwa nayo MamaB yaelekea ilikuwa vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu. Ukichoma hiyo nayo itanuka nywele, kwa sababu ngozi imo ndani. Inabanduka kwa vile kinachoshika uso ni ile rangi ya plastiki, na jinzi inaisugua kutwa.

Badala ya kiberiti, tafuta ukingo uliokatwa, ndani ya kishimo cha kadi au pale waleti inapokunjwa. Ngozi ya kweli inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana. Ukiona kitambaa na utando laini juu yake, hiyo ni reksini. Ukingo wote ukiwa umekunjwa au umepakwa rangi nzito usione chochote, muulize muuzaji kwa nini.

Profesa_wa_Kiberiti
Kwa hiyo nilikuwa nusu sahihi. Ni kiwango kizuri hapa mtandaoni.

Baba_Githurai
Mpita_Ngara umenikumbusha kitu nilidhani nimesahau. Tulikuwa tumeenda kumtoa shemeji hospitali usiku. Bili ya mwisho nalipa mimi, kwa kadi, na ukoo mzima wa mke wangu umesimama nyuma yangu. Waleti yangu ilikuwa nene, kila kishimo kina kadi mbili, maana kila duka siku hizi linataka uwe na kadi yake. Nilikuwa naikalia kwenye msongamano wa barabara ya Thika, huko na kurudi.

Kadi ikaingizwa kwenye mashine, mashine ikakataa. Ikaingizwa tena, ikakataa. Yule dada wa malipo akaigeuza kwenye taa, akanionyesha ufa mwembamba umepita kando ya kile kidude cha dhahabu. Kadi imepinda kwa kukaliwa. Nikasema nina nyingine. Natafuta haraka haraka, navuta, mshono wa upande ukaachia wote kama zipu! Kadi zikamwagika sakafuni, na kati yake ikaanguka picha ndogo ya pasipoti ya dada fulani wa zamani. Mama mkwe ndiye aliyeinama kuiokota.

Bili alilipa shangazi kwa simu. Safari ya kurudi nyumbani sitaisimulia.

MamaB_Umoja
Picha ilikuwa ya nani? Jibu hilo kwanza.

Kijana_Pipeline
Sahau waleti, tuambie kuhusu mama mkwe.

Baba_Githurai
Ilikuwa imesahaulika ndani! Kishimo kilikuwa kimebana, sikujua imo.

Dada_Rongai
Kishimo kilichobana kadi mbili na bado kina nafasi ya picha. Mmesikia, wadau.

Fundi_Kariokor
Niacheni ya picha, ya mshono ndiyo yangu. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Nane zikipangwa ni milimita sita za plastiki, na hapo bado ngozi, bitana na noti. Ukikunja, mzigo wote unavuta uzi wa pembeni kwenda nje. Ukiweka mbili pamoja, ngozi inatanuka, na haitarudi ilivyokuwa. Siku ukitoa moja, ile nyingine inacheza, na ndiyo hiyo ya Mpita_Ngara iliyooga mafuta ya mandazi. Ikiwa mpya, kadi moja inafaa iingie kwa kusukumwa kidogo. Ikiteleza kwa raha dukani, baada ya muda itaanguka.

Sasa uzi. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazokutana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mishono ya jirani nayo hulegea. Mshono wa mkono ni uzi mmoja wenye sindano mbili, na kila tundu linapitiwa kutoka pande zote mbili. Upande mmoja ukilika, wa pili bado umeshika. Lakini cherehani si mbaya ikiwa fundi amerudi nyuma mara mbili au tatu pale kwenye mdomo wa kishimo. Pindua uangalie hapo. Ukiona uzi umekomea tu na kuchomwa ncha, hapo ndipo itafunguka.

Profesa_wa_Kiberiti
Basi mishono ikiwa midogo midogo na karibu karibu ndiyo imara zaidi.

Fundi_Kariokor
Si kwenye ngozi. Kila mshono ni tundu. Ukiyasogeza sana unachanika mstari mzima kama stempu za posta. Mimi naacha milimita tatu hadi nne kati ya tundu na tundu, na karibu milimita tatu kutoka ukingoni.

Boda_wa_Kasarani
Fundi anauza ngozi, lazima asifu ngozi. Mimi niko kwenye mvua na jasho. Yangu ni ya nailoni, ile ya kufunga kwa kunata, imepita kwenye sabuni pamoja na suruali na bado iko.

Fundi_Kariokor
Sikukatalii. Jasho lina chumvi na ngozi hukauka nalo. Lakini nailoni ikikatwa bila kuchomwa ukingo, nyuzi zinachomoka hadi mshono ukose cha kushika. Na kile cha kunata hujaa vumbi kikaacha kushika. Kwa jinzi ningeshona ngozi ya mbuzi: ni nyembamba kuliko ya ng'ombe na haichaniki kirahisi. Mifuko ya ndani naweka kitambaa cha poliesta, ngozi ibaki kwenye midomo tu, ndiyo isinenepe.

Mzee_Buruburu
Kitambaa ndani ni ujanja wa kubania ngozi. Enzi zetu ilikuwa ngozi mpaka ndani.

Dada_Rongai
Na enzi zenu hamkuwa na kadi nane, mzee wangu. Fundi, mimi swali langu ni pochi ya sarafu. Zipu inafunguka nyuma ya kichwa chake, na shilingi ishirini zinatoboa bitana.

Fundi_Kariokor
Hizo pochi nyingi zina zipu nambari tatu. Weka tano, na bitana ya sarafu iwe ya ngozi, si kitambaa. Hapo nakubaliana na mzee.

Mzee_Buruburu
Ahsante.

Mpita_Ngara
Fundi, ukinishonea ya mbuzi yenye vishimo vinane, itaingia mfuko wa nyuma?

Fundi_Kariokor
Itaingia. Kukalika ndiyo shida. Vishimo sita, na hizo kadi mbili za supamaketi ziache nyumbani. Halafu ibebe mbele.

Boda_wa_Kasarani
Mbele utaanikia wezi wa stejini.

Kijana_Pipeline
Wa stejini wanapenda nyuma, huko huhisi kitu.

MamaB_Umoja
Baba_Githurai bado hajajibu.