Mrejesho: daftari moja la maagizo dukani Uyole

Niliuliza: "Nina duka la pembejeo Uyole. Maagizo yanakuja kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, kwa mdomo na kwa vikaratasi, na mengine nayasahau. Nifanyeje?"

Ndugu zangu, nashukuru sana. Nilifuata ushauri wa daftari moja la kaunta. Kila ombi linaandikwa humo papo hapo, na nalishughulikia saa 6 mchana na saa 11 jioni tu. Mteja aliyesimama mbele yangu namhudumia palepale, haandikwi.

Wiki ya kwanza ilinishinda. Nilikuwa nachagua mistari rahisi, migumu inabaki. Tena niliandika "urea, Igurusi" bila zaidi. Saa 6 nikaanza kujiuliza: ya nani, mifuko mingapi, lini? Nilipompata mzee mwenyewe, Fuso la kwenda huko lilishaondoka saa 5, na mpunga wake ulikuwa unasubiri mbolea ya kukuzia. Iliniuma.

Sasa mstari una jina, namba, kiasi na siku ya mwisho. Muda wa kwanza nimeurudisha saa 3 asubuhi, kabla ya gari. Naanza juu kwenda chini bila kuruka: ya dakika mbili naimaliza, nyingine naiagiza, namkabidhi kijana wangu au namwambia mteja haiwezekani. Ndipo nakata mstari. Ujumbe wa sauti nausikiliza hadi mwisho na kuuandika. Ukibaki kwenye simu, umepotea.

Jana jioni daftari lilifungwa bila mstari uliobaki.