Mrejesho: en, ett na mikia ya nomino za Kiswidi

Swali langu lilikuwa: "Kwa nini nikiandika *en boken* na *ett bordet* nakoseshwa, wakati jinsi ya nomino, ya *en* au ya *ett*, nimepatia?"

Wadau, mlioniambia naweka kitu kilekile mara mbili mlipatia. *En* na *ett* ni vineno vinavyoendana na jinsi ya nomino, na hukaa mbele yake kitu kinapotajwa kwa mara ya kwanza. Kikishajulikana, kineno hicho kinahamia mkiani: kitabu ni *en bok*, kisha *boken*. Meza ni *ett bord*, kisha *bordet*. Mbele au nyuma, si kote kuwili.

Juzi nimerudia zoezi zima. Nilikwama kwenye maneno yanayoishia na irabu, nikaandika *flickaen* kwa msichana na *äppleet* kwa tofaa. Hapo huongezwa herufi moja tu: *flickan*, *äpplet*. Halafu dirisha, *fönster*, likanitoa jasho: e ya mwisho inadondoka, inakuwa *fönstret*.

Sasa daftarini siandiki *bord* peke yake, naandika "*ett bord, bordet*", kama mgeni anavyofundishwa kiti na viti kwa pamoja. Maneno mengi ni ya *en*, kwa hiyo nikikwama nabahatisha hilo. Ila mtoto kaniponza: ni *ett barn*, *barnet*. Mtu mzima na akili zake angetegemea *en*!