Tupeane uzoefu: namba za kwenye chati ya kodi na tablecha zilikuchanganya wapi ulipoanza gitaa?

Mkazi wa Nkuhungu

Habari wakuu. Nimeanza kujifunza gitaa mwaka huu hapa Dodoma, bila mwalimu, kwa chati za kodi nilizopakua kwenye simu. Naanza na yangu, nanyi mtupe zenu.

Kodi ya kwanza niliyoijua ni C. Chini ya chati yake kuna X32010. Nikaweka kidole kwenye freti ya 3 uzi wa 5, freti ya 2 uzi wa 4, freti ya 1 uzi wa 2, nyuzi za 3 na 1 nikaziacha wazi. Ikalia vizuri sana. Nikajiambia basi, namba zile ni freti.

Kodi ya pili ikawa D. Chini yake pameandikwa XXO132. Nikafuata kanuni ileile: uzi wa 3 freti ya 1, uzi wa 2 freti ya 3, uzi wa 1 freti ya 2. Sauti ikawa chungu. Nikapiga uzi mmoja mmoja, nikaona uzi wa 3 ndio unaoharibu. Nikaamua uzi umelegea. Nikaukaza taratibu huku nikipiga D, mpaka ikakaa sawa. Nikafurahi.

Kurudi kwenye C, imeharibika. Em, ile kodi ya huzuni, nayo ikageuka ikawa inachangamka kabisa. Nilizunguka hivyo wiki mbili, nakaza uzi wa 3 kwa ajili ya D, naulegeza kwa ajili ya C. Nilishafikiri shingo ya gitaa imepinda. Mwenye kujua anieleze nilikosea wapi.

Gitaa la Kwaya (Mpwapwa)

Mdogo wangu, shingo yako ni nzima. Aliyekupotosha ni C.

Namba za chini ya chati yako si freti, ni vidole. 1 ni kidole cha shahada, 2 cha kati, 3 cha pete, 4 kidole kidogo. Freti unaisoma kwa jicho: hesabu nukta iko kwenye chumba cha ngapi kutoka ule mstari mnene wa juu. Sasa kwenye C, kidole cha pete kinakaa freti ya 3, cha kati freti ya 2, cha shahada freti ya 1. Namba ya kidole na namba ya freti ni zilezile kwenye kila uzi unaobanwa. Mtu anaweza kuipiga C mwaka mzima kwa kanuni mbaya asijue.

Kwenye D haziendi pamoja. Vidole ni 1, 3, 2 lakini freti ni 2, 3, 2. Zilinganishe uone: zinatofautiana kwenye uzi wa 3 tu. Ndiyo maana ulisikia uzi mmoja unaharibu. Ulibana freti ya 1, ukapata G shapu, wakati D inataka A, ambayo iko freti ya 2. Ukakaza uzi kwa nusu sauti, freti ya 1 ikaanza kutoa A, D ikapona. Lakini uzi wa 3 ukiwa wazi sasa unatoa G shapu badala ya G. C inauhitaji ukiwa wazi, ikaharibika. Em nayo inauhitaji wazi. E, G na B ndizo zinazoifanya Em. Ukibadilisha G kuwa G shapu, hiyo ni E ya kawaida, tena imekamilika. Masikio yako yalikuwa sahihi muda wote.

Rudisha uzi wa 3 kwenye G, kisha jaribu kodi ya G. Vidole 210003, freti 320003. Hapo kosa lingejitangaza siku ya kwanza, kwa sababu uzi wa 6 na wa 5 zote mbili zingelia vibaya.

Na uangalie jambo moja: wengine wanaandika X32010 wakimaanisha freti kweli, hasa ikiandikwa pembeni ya jina la kodi bila mchoro. Ukiona namba bila mchoro, karibu kila mara ni freti. Ukiona namba ndani ya nukta au chini ya mchoro, ni vidole.

Mama Alto

Mimi sikuanza na chati, nilianza na sol-fa kwenye kwaya, kama wengi wetu. Kwa anayejua d r m f s l t, hiyo C mbona inasomeka yenyewe. Uzi wa 5 freti ya 3 ni do. Uzi wa 4 freti ya 2 ni mi. Uzi wa 3 wazi ni so. Uzi wa 2 freti ya 1 ni do ya juu, uzi wa 1 wazi ni mi ya juu. Do mi so do mi, basi.

Nilijifunza shingo kwa kuimba uzi mmoja tu. Chukua uzi wa 5, anzia freti ya 3, panda: 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14, 15. Imba do re mi fa so la ti do. Utaona unaruka freti mbili mbili, isipokuwa mi kwenda fa na ti kwenda do, hapo ni freti moja. Tangu nilipolijua hilo sijawahi kukariri jina la sauti kwenye gitaa, nahesabu kutoka uzi ulio wazi.

Fundi Redio

Kutyuni ni rahisi wakuu, hamhitaji mashine. Bana freti ya 5, sauti yake ni sawa na uzi unaofuata ukiwa wazi. Uzi wa 6 freti ya 5 ni sawa na wa 5 wazi, hivyohivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo ukijua freti ya 5 umejua gitaa lote.

Gitaa la Kwaya (Mpwapwa)

Fundi, umepatia kote isipokuwa sehemu moja. Kutoka uzi wa 3 kwenda wa 2 ni freti ya 4, si ya 5. Uzi wa 3 ni G. Freti ya 5 yake ni C, na uzi wa 2 unatakiwa uwe B. Ukitumia 5 hapo, uzi wa 2 utapanda nusu sauti, na wa 1 ukiutyuni kutoka huo nao utapanda.

Fundi Redio

Nimeshika gitaa sasa hivi. Ni kweli. Uzi wangu wa kwanza umekuwa ukikatika kila mara, nadhani ndiyo sababu.

Kijana wa Area D

Nyuzi hata mimi zinanikatikia. Mnanunua wapi, Majengo au Sabasaba? Nyuzi za chuma na za nailoni ipi inadumu?

Mkazi wa Nkuhungu

Ndugu, hiyo tuifungulie uzi wake, hapa tuko kwenye kusoma namba. Mzee wa Mpwapwa, asante sana. Nimerudisha uzi wa 3, Em imerudi kulia kama Em. Sasa nimehamia tablecha na nimekwama upya. Nimepewa hii:

```
e|-------0---|
B|-----1---1-|
G|---0-------|
D|-----------|
A|-3---------|
E|-----------|
```

Mstari wa juu nikauchukulia kuwa uzi wa juu, ule mnene ulio karibu na kidevu changu. Hailii kitu cha maana.

Gitaa la Kwaya (Mpwapwa)

Umeigeuza kichwa chini. Mstari wa juu wa tablecha ni uzi mwembamba, wa 1. Juu hapo maana yake ni sauti ya juu, si mahali uzi ulipo mwilini mwako. Laza gitaa mapajani, nyuzi zitazame dari, kisha inama uangalie: uzi mwembamba ndio ulio mbali nawe, mnene uko karibu. Picha hiyo ndiyo tablecha. Chati ya kodi ni picha nyingine: gitaa limesimama limekutazama, kichwa juu, uzi mnene kushoto.

Na humu kwenye tablecha, namba ni freti. Kidole unachagua mwenyewe. Hiyo uliyopewa ni C ileile imefunguliwa: uzi wa 5 freti ya 3, kisha wa 3 wazi, wa 2 freti ya 1, wa 1 wazi, unarudi wa 2. Shika C nzima, usiachie, mkono wa kulia ndio utembee. Namba zingepangwa wima pamoja, ungezipiga kwa mpigo mmoja.

Msomaji wa Kondoa

Hapo kwenye wima niongeze yangu. Rafiki yangu alikuwa ananitumia tablecha kwa meseji. Kwenye simu yangu kila herufi ina upana wake, mistari ikawa inateleza, na namba zilizotakiwa kuwa wima zinaonekana zimefuatana. Nilijifunza wimbo mzima nikipiga sauti moja moja, kumbe ni kodi. Dalili yake ni kwamba mistari sita haiishii sehemu moja upande wa kulia. Siku hizi namwambia anipigie picha ya skrini.

Shoto

Mimi ni wa mkono wa kushoto na nyuzi nimezigeuza. Tablecha naisoma kama ninyi, haibadiliki hata kidogo. Chati ya kodi ndiyo inanisumbua: lazima niione kama kwenye kioo, uzi mnene uwe kulia. Miezi ya mwanzo nilikuwa nachora upya kila chati kwenye daftari.

Mama Alto

Kinachonikera kwenye tablecha ni kwamba haikuambii sauti ikae muda gani. Hiyo aliyopewa kijana, ni mapigo mangapi? Sol-fa ina nukta mbili na vistari vyake, unaimba bila kuusikia wimbo kwanza. Tablecha bila kuujua wimbo huwezi.

Gitaa la Kwaya (Mpwapwa)

Nyingi ni hivyo, dada yangu, ingawa zipo zinazoandikwa na mapigo chini. Lakini sol-fa nayo haikuambii uibane do kwenye uzi upi, na gitaa lina mahali kadhaa pa kuipata.

Mama Alto

Mahali nitapatafuta mwenyewe. Pigo siwezi kulibuni.

Mjukuu wa Chamwino

Nina swali kuhusu ilimba ya babu. Nataka kuziandika nyimbo zake kwa tablecha. Nikitumia uzi wa 4 kama do, sauti zake nyingi nazipata kwenye freti. Kuna moja tu haikai. Freti ya 10 iko juu yake kidogo, ya 9 iko chini yake. Nimetyuni kwa mashine, gitaa liko sawa. Babu naye anasema ilimba iko sawa.

Gitaa la Kwaya (Mpwapwa)

Wote wawili wako sawa. Freti zimegawa sauti kwa vipimo vinavyolingana, na ilimba haikutyuniwa kwa vipimo hivyo. Gusa uzi huohuo wa 4 kwa ncha ya kidole bila kuubana, kati ya freti ya 2 na ya 3, karibu zaidi na ya 3, upige karibu na daraja. Kuna sauti nyembamba itatoka, ni ya juu zaidi. Ilinganishe na ya babu. Ikiwa ni hiyo, kwa kupiga unaweza kubana freti ya 9 na kuusukuma uzi upande kidogo mpaka ufike. Kwenye tablecha watu huandika 9b.

Mjukuu wa Chamwino

Nimeipata ile nyembamba, inafanana. Lakini kwa kusukuma uzi inafika kwa kuteleza, na kwenye ilimba inalia papo hapo. Nikiandika 9b, atakayesoma ataipiga kwa kuteleza. Kuna anayejua alama nyingine?